Deni la Sekunde Tatu na Robo Tatu

Katika video nyingi za harusi kuna mahali ambapo sauti inatangulia kuonekana kwa jambo lenyewe. Bomba la konfeti linalipuka kwenye spika, kisha nusu sekunde na ushei baadaye ndipo vipande vya karatasi vinaruka juu ya vichwa vya maharusi. Au mshereheshaji anafungua mdomo wakati maneno yake yameshapita. Mtazamaji wa kawaida hajui kueleza kilichotokea. Anasema tu kwamba video haijatulia, halafu anaisogeza mbele.

Kasoro hii haitoki kwenye kamera mbovu wala kompyuta dhaifu. Inatokana na hesabu ambayo haikufanywa pale mhariri alipoweka mwendo pole. Ukipunguza mwendo wa picha, unatumia muda mrefu zaidi kuonyesha tukio lilelile. Sauti haina habari na uamuzi wako, inaendelea na safari yake. Vimetameta na moshi ulioongeza kwa kompyuta navyo vinaendelea na mwendo wake. Picha peke yake inabaki nyuma. Pengo hilo nitaliita deni la muda, kwa sababu linapimika kwa sekunde kamili, linaongezeka kadiri unavyochelewa, na linaweza kulipwa lote bila mtazamaji kujua.

Mwendo pole wenyewe ni mzee. Padre mmoja wa Austria, August Musger, alipata hataza ya kifaa chake mwaka 1904, na kanuni yake haijabadilika hadi leo: piga picha nyingi kwa sekunde, kisha zionyeshe chache kwa sekunde. Kilichoongezeka ni uwezo wa kubadili kasi katikati ya tukio moja, picha ikatoka mwendo wa kawaida, ikazama kwenye upole, ikafyatuka tena. Filamu ya Zack Snyder iitwayo 300, iliyoingia kumbi za sinema mwaka 2007, iliuzoesha ulimwengu mtindo huo katika mapigano yake, na siku hizi hata klipu ya maharusi wakiingia ukumbini inauhitaji. Kupandisha na kushusha kasi kwa namna hiyo ndiko nitakakokuita mteremko wa kasi.

Tuchukue klipu hiyo ya ukumbini tuifanyie kazi mpaka mwisho. Ina urefu wa sekunde 12. Imepigwa kwa fremu 100 kwa sekunde, shata ikiwa 1/200, na video itakayokabidhiwa itakuwa ya fremu 25 kwa sekunde. Kwa hiyo tuna fremu nne mahali ambapo moja ingetosha, na tunaweza kupunguza mwendo hadi asilimia 25 bila kulazimisha kompyuta ibuni fremu ambazo hazikupigwa. Chini ya hapo tunaanza kukopa kwenye ubunifu wa mashine, na nitaonyesha baadaye kwa nini konfeti haistahimili mkopo huo.

Kwa nini 100 na si 120, wakati kamera nyingi zinatoa zote mbili? Ni kwa sababu ya taa. Umeme wa Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya dunia hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kumbi hupiga mapigo 100 kwa sekunde ambayo jicho haliyaoni. Kamera ya fremu 100 hukutana na pigo lilelile katika kila fremu, hivyo mwanga hutulia. Kamera ya fremu 120 hutofautiana na taa kwa mapigo 20 kila sekunde, na ukiipunguza kasi hadi fremu 25, tofauti hiyo inageuka kuwa kupepesa kwa ukuta mzima kama mara nne kwa sekunde. Hakuna mteremko wa kasi utakaoificha. Mchana uwanjani jambo hili halikuhusu.

Kama klipu imetoka kwenye simu kuna hatua moja ya kufanya kabla ya yote. Simu nyingi hazirekodi idadi moja ya fremu kwa kila sekunde. Huongeza na kupunguza kidogo kulingana na mwanga na joto la simu. Programu ya kuhariri inayodhani kila sekunde ina fremu 100 itapotea polepole, na hutajua kama kosa ni la simu au la hesabu yako. Igeuze klipu iwe na fremu za idadi moja kwanza. Programu ya bure ya ffmpeg hufanya hivyo kwa mstari mmoja, na namba ya fremu unaiweka kulingana na ulivyopiga:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf fps=100 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy tayari.mp4
```

Sasa tuingie kwenye After Effects, kwa sababu ndiyo inayoonyesha hesabu hii waziwazi kuliko nyingine. Ukichagua klipu na kubonyeza `Ctrl+Alt+T`, inatokea sifa iitwayo `Time Remap` yenye alama mbili, moja mwanzoni na moja mwishoni. Thamani ya sifa hiyo si kasi. Ni jibu la swali moja dogo: katika sekunde hii ya video iliyokamilika, tuonyeshe sekunde ipi ya klipu ya asili? Klipu isiyoguswa hujibu kwamba kwenye sekunde ya 2 onyesha ya 2, kwenye ya 9 onyesha ya 9. Ukichora majibu hayo kwenye grafu unapata mstari ulionyooka, na mwinuko wa mstari huo ndio kasi. Ukilala kidogo, picha inakwenda pole. Ukilala kabisa, picha inaganda. Ukishuka, picha inarudi nyuma.

Tunataka hivi. Maharusi waingie kwa mwendo wa kawaida hadi sekunde ya 2. Kisha ndani ya sekunde moja kasi ishuke taratibu kutoka asilimia 100 hadi 25, ibaki hapo kwa sekunde nne, halafu ipande tena hadi 100 ndani ya sekunde nyingine moja. Tukifika mwisho wa mteremko huo video yetu itakuwa kwenye sekunde ya 8. Klipu ya asili itakuwa wapi?

Sekunde mbili za mwanzo zilitumia sekunde mbili za asili. Wakati wa kushuka, kasi ilianza 1 ikaishia 0.25, wastani wake ni 0.625, kwa hiyo sekunde hiyo moja ilitumia sekunde 0.625 za asili. Sekunde nne za upole zilitumia sekunde moja tu. Kupanda kulitumia 0.625 nyingine. Jumla ni 4.25. Video iko sekunde ya 8 na picha iko sekunde ya 4.25, kwa hiyo deni ni sekunde 3.75. Kila kitakachoonekana kuanzia hapo, hata kwa kasi ya kawaida kabisa, kitachelewa kwa sekunde tatu na robo tatu kulinganisha na sauti yake. Wahariri wengi hudhani kwamba kasi ikirudi asilimia 100 mambo yamerudi sawa. Kasi imerudi kweli, ila deni liko palepale.

Kuna mtego mdogo katika kuziweka alama zenyewe. Mhariri akishaweka alama zake nne, mkono unamtuma abonyeze `F9`, amri ya `Easy Ease`, ili kasi ibadilike kwa ulaini. Amri hiyo huifanya kasi iwe sifuri kwenye kila alama. Picha itasitasita mara nne, kama mtu anayeendesha gari huku akikanyaga breki kwenye kila nguzo ya umeme. Badala yake bonyeza alama kwa kitufe cha kulia, fungua `Keyframe Velocity`, na uandike kasi halisi unayoitaka pande zote mbili za alama: 1 pale picha inapokwenda kawaida, 0.25 pale inapokwenda pole, na `Influence` iwe asilimia 33.33. Kwa namba hizo, na kwa kuwa umeweka 0.625 kama nilivyohesabu, kasi itashuka kwa mstari ulionyooka kabisa. Ukiikadiria thamani kwa jicho badala ya kuihesabu, grafu ya kasi itavimba au kubonyea katikati ya mteremko, na ikibonyea chini ya sifuri utamwona bibi harusi akirudi nyuma hatua nusu kabla ya kuendelea.

Tulipe deni sasa. Kwenye klipu yetu mshereheshaji anaingia ndani ya picha na kipaza sauti sekunde ya 11, midomo yake ikionekana. Hapo sauti na picha lazima ziwe pamoja, hakuna mjadala. Kati ya sekunde ya 8 na hapo, maharusi wanatembea tu katikati ya meza, hakuna tendo linalohitaji kuonekana kwa utulivu. Hapo ndipo pa kulipia. Tukipandisha kasi hadi asilimia 400, kila sekunde tunayoitumia inakula sekunde nne za asili, yaani inapunguza deni kwa sekunde tatu. Tukianza kupanda kuanzia sekunde ya 8 kwa muda wa nusu sekunde, wastani wa kasi ni 2.5, tunatumia 1.25 za asili na picha inafika 5.5. Tukikaa kwenye asilimia 400 kwa robo tatu ya sekunde tunatumia sekunde 3, picha inafika 8.5. Tukishuka kwa nusu sekunde tunatumia tena 1.25. Video inasoma 9.75 na picha inasoma 9.75. Deni limeisha, zikiwa zimebaki sekunde moja na robo kabla ya mshereheshaji, na urefu wa klipu umebaki sekunde 12 zilezile.

Huo mfyatuko wa kasi katikati ya meza mtazamaji atauona kama mbwembwe. Kwa kweli ni malipo, na ndiyo maana napendelea mteremko wa kasi wenye pande mbili kuliko mwendo pole uliowekwa peke yake.

Wakati wote huo sauti hatukuigusa, na hilo ni la makusudi. Ukipunguza sauti hadi nusu ya kasi inashuka oktava nzima. Ukiipunguza hadi robo inashuka oktava mbili, na vigelegele vya shangazi wa bibi harusi vinageuka kuwa mngurumo wa ng'ombe. Zipo njia za kurefusha sauti bila kuishusha, programu ikikatakata sauti vipande vidogo na kuvirudiarudia. Kwa mabadiliko madogo zinafaa. Kwa asilimia 25 muziki unasikika kama unatoka ndani ya pipa, na ngoma, ambayo pigo lake ni kali na fupi, ndiyo inayoharibika zaidi. Kwa hiyo sauti iachwe iwe saa ya klipu nzima. Picha ndiyo iruhusiwe kutoka na kurudi.

Katika After Effects kuna jambo la kuangalia hapa: `Time Remap` ikiwashwa kwenye klipu yenye sauti, sauti nayo inaburuzwa. Dawa ni kunakili klipu kwa `Ctrl+D` kabla ya kuwasha chochote. Nakala ya chini inabaki na sauti, jicho lake limezimwa. Nakala ya juu inabaki na picha, spika yake imezimwa, na ni hiyo pekee inayopewa `Time Remap`. Premiere Pro hufanya tofauti, `Time Remapping` yake hugusa picha tu na sauti inabaki ilivyo, jambo zuri, isipokuwa kwamba kukua kwa deni hutakusikia mpaka mtu aongee. Vijana wengi hufanya kazi hii kwenye simu kwa CapCut. Toa sauti kwanza kwa `Extract audio`, zima sauti ya klipu, kisha ndipo uingie kwenye `Speed` na `Curve`. Juu ya mchoro wake utaona urefu wa klipu kabla na baada ya kubadili kasi. Tofauti ya namba hizo mbili ndilo deni lako mwishoni mwa klipu. Sogeza nukta za mchoro mpaka zilingane.

Limebaki lile bomba la konfeti. Katika klipu ya asili linalipuka sekunde ya 2.75. Kwa mteremko wetu, picha inafika 2.75 pale video inapofika sekunde ya 3.5. Mlipuko utasikika robo tatu ya sekunde kabla ya kuonekana. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, katika pendekezo lake BT.1359, unaweka mipaka ya kile mtu anachoanza kukigundua: sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa milisekunde 125. Fremu moja kati ya 25 ni milisekunde 40. Maana yake sauti ikitangulia kwa fremu mbili tu mtu anahisi kitu, lakini ikichelewa tunaivumilia hadi fremu tatu, pengine kwa sababu maishani sauti ndiyo huchelewa, haitangulii. Sisi tuko mbele kwa milisekunde 750. Haivumiliki.

Njia mbili zipo. Kama muziki umerekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya dijei, mlipuko haumo humo, umo kwenye maikrofoni ya kamera. Unaukata kutoka hapo, unausogeza hadi sekunde ya 3.5, na muziki unapita chini yake bila kuguswa. Usitegemee alama ulizobandika kwenye klipu zikuonyeshe mahali, kwa sababu alama za klipu hazisogei pamoja na `Time Remap`. Sogeza kichwa cha kuchezea mpaka thamani ya `Time Remap` isome 2.75, hapo ndipo penyewe. Lakini kama sauti yote imetoka kwenye maikrofoni moja ya kamera, huna cha kusogeza. Basi sogeza mteremko. Uanze sekunde ya 2.8, mara tu baada ya mlipuko, wakati deni bado ni sifuri, na alama nyingine zote zisogezwe kwa 0.8. Mlipuko unaonekana na kusikika pamoja, konfeti inapaa kwa upole, na deni linamalizika sekunde ya 10.55, bado kabla ya mshereheshaji. Mimi ningeichagua hii hata kama ningekuwa na sauti ya mikisa. Picha inayozama kwenye upole mara baada ya kishindo inasisimua kuliko kishindo kilichozamishwa nacho.

Sasa chembechembe. Tuseme mteja anataka vimetameta vya dhahabu vidondoke kutoka kwenye mkia wa shela, chembe 60 kwa sekunde, kwa programu kama Particular. Mhariri anaviweka juu ya klipu aliyokwisha kuipunguza kasi. Shela linakwenda kwa robo ya kasi, vimetameta vinaanguka kwa kasi kamili ya dunia. Jicho linakataa mara moja. Zaidi ya hapo, katika zile sekunde nne za upole bibi harusi anatembea mwendo wa sekunde moja tu, lakini chembe zilizozaliwa ni 240 badala ya 60, hivyo zinamrundikia mahali pamoja mara nne ya kawaida. Kisha kasi inapofyatuka hadi asilimia 400, mkia unaachwa mtupu.

Hapa mhariri huanza kupunguza uzito wa chembe, kupunguza idadi, kuongeza umri wake, alama juu ya alama. Ni kazi ya usiku mzima na haiishi vizuri, kwa sababu anarekebisha matokeo huku chanzo kikiwa saa mbili tofauti ndani ya picha moja. Kilicho ndani ya ulimwengu wa ukumbi kinapaswa kufuata saa ya ukumbi. Kwa hiyo rudi kwenye klipu ya asili, ya kasi kamili. Fuatilia mkia wa shela humo, weka vimetameta humo, virekebishe mpaka vionekane halisi kwa mwendo wa kawaida. Kisha funga vyote pamoja kwa `Pre-compose`, tuiite kompozisheni hiyo Ndani, na `Time Remap` iwekwe juu ya Ndani, nje yake. Picha na chembe sasa zinapunguzwa kwa mkono mmoja. Wala usijaribu kuweka kichocheo cha chembe kwenye safu ileile iliyopewa `Time Remap`: After Effects hubadili muda wa safu kwanza, vichocheo vinafuata baadaye, hivyo chembe zitabaki kwenye saa ya nje.

Mpangilio wa Ndani una jambo moja la muhimu. Ipe fremu 100 kwa sekunde kama kamera ilivyopiga, na kwenye ukurasa wa `Advanced` wa mipangilio yake weka tiki kwenye `Preserve frame rate when nested or in render queue`. Ukiacha Ndani kwenye fremu 25 na tiki ikiwepo, kila fremu itarudiwa mara nne wakati wa upole na vimetameta vitaanguka kwa kurukaruka. Ukiondoa tiki, programu itaiuliza Ndani ilivyo kwenye nukta za muda zilizo katikati ya fremu. Picha za kawaida na maandishi hujibu swali hilo vizuri. Chembe zina shida kidogo, kwa kuwa hesabu yake hutegemea historia: ili kujua chembe iko wapi sasa, programu huhesabu kutoka ilipozaliwa, hatua kwa hatua, na baadhi ya vichocheo huyumba vikiulizwa katikati ya hatua. Dalili yake ni chembe zinazopepesa au kubadili mahali wakati wa kupanda na kushuka tu, huku zikiwa tulivu mahali pengine. Kwa fremu 100 na tiki, swali linaangukia kwenye fremu kamili daima.

Ikiwa bado zinayumba, au kompyuta inachukua dakika kadhaa kwa kila fremu kwa kuanza hesabu upya, zitoe chembe peke yake kama mfululizo wa picha za PNG zenye mandharinyuma wazi, fremu 1,200 kwa sekunde 12, uzirudishe ndani kama klipu ya kawaida. Picha iliyokwisha chorwa haina cha kuhesabu tena. Unaweza kuipunguza, kuigandisha hata kuirudisha nyuma.

Moshi mwepesi wa ukumbini ni rahisi zaidi. Ule unaotengenezwa kwa `Fractal Noise` haukumbuki chochote, umbo lake la sasa hutegemea namba moja tu iitwayo `Evolution`. Wengi huiendesha kwa `time * 90`, ambayo ni saa ya nje. Ibadilishe ifuate saa ya Ndani:

```
thisComp.layer("Ndani").timeRemap * 90
```

Ipo njia nyingine inayovutia na ni mbovu, ya kuzidisha `time` kwa kasi ya wakati huo. Ijaribu kwa namba zetu za kwanza. Sekunde ya 2 kasi ni 1, jibu ni 2. Sekunde ya 3 kasi ni 0.25, jibu ni 0.75. Moshi umerudi nyuma kwa zaidi ya sekunde nzima wakati maharusi wanakwenda mbele. Kasi inajumlishwa kidogo kidogo njia nzima, haizidishwi mwishoni, na `Time Remap` imeshakufanyia jumla hiyo.

Si kila chembe iingie Ndani. Vimetameta vinavyozunguka majina ya maharusi yaliyoandikwa juu ya picha havimo ukumbini, ni mapambo ya muziki. Hivyo viache nje vifuate sauti, vidunde na ngoma.

Na zile konfeti za kweli, zilizopigwa na kamera? Kwa asilimia 25 tuna fremu halisi za kutosha. Mteja akiomba asilimia 10, programu italazimika kubuni fremu za kati kwa `Pixel Motion` au mbinu za aina hiyo, ambazo hutafuta kila doa la fremu moja limehamia wapi kwenye fremu inayofuata. Uso na gauni hufuatika. Kipande cha karatasi chenye upana wa sentimita moja, kinachozunguka na kuhama mbali kuliko upana wake kati ya fremu mbili, hakifuatiki. Kitayeyuka na kuwa ute, au kitaburuza kipande cha ukuta nyuma yake. Kama konfeti imo kwenye picha, mwambie mteja asilimia 25 ndiyo mwisho.

Ukimaliza, usikague kwa vipokea sauti vya Bluetooth. Vyenyewe huchelewesha sauti kwa milisekunde mia na zaidi, na utajikuta unasahihisha kosa ambalo halimo kwenye video. Chomeka vya waya, nenda moja kwa moja kwa mshereheshaji, uangalie midomo yake kwenye herufi za b, m na p, ambapo hufungwa kabisa. Mdomo ukiwa umechelewa hata fremu mbili, usiisogeze sauti. Rudi kwenye alama ya 10.55 usome thamani yake, na ikisema tofauti na 10.55, iandike upya.